Urefu wa mti uliosimama mteremkoni

Chukua msindano mmoja uliosimama kwenye mteremko wa digrii 18, mteremko wa kawaida kabisa katika mashamba ya miti ya Mufindi, Kilolo na Njombe. Watu wawili wanaupima. Mmoja amesimama upande wa juu wa mlima, mwingine upande wa chini, kila mmoja mita 24 kutoka kwenye mti kwa kufuata ardhi. Wote wana klinometa nzima, wote wameusahihisha umbali wao vizuri, na wote wanatumia kanuni ya darasani: tazama kilele, zidisha kwa umbali, kisha jumlisha urefu wa macho yako. Aliye juu anapata mita 14.8. Aliye chini anapata mita 29.6. Mmoja kapata nusu ya mwenzake, na mti wenyewe una mita 22.3.

Hapo hakuna aliyekosea kuzidisha wala aliyesoma chombo vibaya. Kanuni waliyoitumia ni sahihi kwa uwanja wa mpira, si kwa mlima. Ninaandika haya kwa sababu wakulima wengi wa miti huuza miti ikiwa bado imesimama, na bei hufuata ujazo, na ujazo hufuata urefu. Mnunuzi anayepima akiwa upande wa juu kwa kanuni ile anaweza kuondoka na theluthi moja ya mti wako bila kukusudia, nawe usijue pa kumshika.

Tuanze na kile klinometa inachokifanya. Ndani yake mna gurudumu lenye uzito upande mmoja, linaloelea kwenye kimiminika, nalo hujipanga lenyewe kwa mvuto wa dunia. Kwa hiyo sifuri ya chombo haihusiani na ardhi unayoikanyaga. Sifuri ni mstari mlalo unaotoka kwenye jicho lako na kwenda mbele bila kupanda wala kushuka. Kila namba unayoisoma inaanzia kwenye mstari huo: iliyo juu yake ni ya chanya, iliyo chini yake ni ya hasi.

Kwenye tambarare mstari huo hulipiga shina mahali palipo sawa na urefu wa macho yako, tuseme mita 1.6 kutoka ardhini. Ndiyo maana kule unaweza kupima sehemu ya juu tu, kisha ukajumlisha ile 1.6. Mteremkoni hali ni nyingine. Ukisimama upande wa juu wa mti, mstari ule ule unalipiga shina katikati. Kwa mti wetu wa mfano unalipiga mita tisa hivi juu ya kitako. Yule bwana aliyepata 14.8 alizihesabu mita tisa hizo kuwa ni 1.6. Ukisimama upande wa chini wa mti, mstari hauligusi shina kabisa. Unaingia ardhini, mita sita hivi chini ya kitako, na mita hizo sita za udongo zikahesabiwa kuwa mti. Yule wa pili akaziongezea 1.6 juu yake.

Dawa ni kusoma mara mbili. Unasoma kilele, unasoma na kitako, kisha unatoa namba ya pili kutoka kwa ya kwanza. Urefu wa macho yako hauhitajiki tena popote katika hesabu ya mti. Kwa klinometa yenye kipimo cha asilimia, kanuni yote ni hii:

urefu = umbali mlalo × (asilimia ya kilele − asilimia ya kitako) ÷ 100

Kanuni hii haibadiliki ukiwa juu, chini au pembeni mwa mti. Kinachobadilika ni alama ya namba ya kitako. Ukiwa juu, kitako kipo chini ya jicho, namba yake ni ya hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha. Ukiwa chini ya mti, kitako kinaweza kuwa juu ya jicho lako; namba yake ni ya chanya, nawe unaitoa kweli kweli. Asiyependa alama ashike hili: kitako kikiwa chini ya jicho jumlisha, kikiwa juu ya jicho toa. Lakini alama iandikwe daftarini wakati ule ule, ukiwa bado umesimama pale. Ukifika nyumbani jioni na kukuta "58 na 40" bila alama, huwezi kujua kama ulikuwa juu au chini ya mti, na tofauti ya majibu ni kati ya mita 22 na mita 4.

Sasa umbali. Kanuni inadai umbali mlalo, yaani ule ambao ungeupata kama ungechora shamba kwenye karatasi na kulitazama kutoka angani. Futikamba iliyotandazwa kufuata mlima inatoa umbali mrefu zaidi. Zipo njia mbili za kutoka hapo.

Ya kwanza ni kupima kwa ngazi, nayo haihitaji hesabu yoyote. Unaivuta futikamba kipande kifupi kifupi, mita nne au tano kwa mara moja, ukiishika mlalo kila mara, na timazi ikining'inia kwenye ncha iliyo angani ili kuonyesha mahali pa kuanzia kipande kinachofuata. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha kuwa timazi. Jumla ya vipande ndiyo umbali mlalo. Njia hii ni ya polepole, lakini kwa mteremko mkali wenye mashimo na visiki naiamini kuliko nyingine, kwa kuwa haidai mteremko uwe sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ya pili ni kupima kwa kufuata mlima, kisha kusahihisha. Msaidizi anasimama ubavuni mwa mti akiwa na fimbo yenye alama iliyo sawa na urefu wa macho yako. Wewe unaitazama alama hiyo kwa klinometa na kusoma digrii. Kwa kuwa macho yako na alama viko kimo kimoja kutoka ardhini, mstari kati yao unakwenda sambamba na mteremko. Futikamba nayo ishikwe kimo kimoja pande zote mbili, kifuani kwako na kifuani kwa msaidizi, na ivutwe mpaka isilegee. Hesabu ni kuzidisha urefu wa futikamba kwa kosaini ya digrii ulizosoma.

Kosaini zinazohitajika shambani ni chache na zinaenea kwenye kipande cha karatasi ndani ya jalada la daftari: digrii 10 ni 0.985, digrii 15 ni 0.966, digrii 20 ni 0.940, digrii 25 ni 0.906, na digrii 30 ni 0.866. Chini ya digrii 5 usijisumbue, kwa sababu kosa halifiki hata nusu ya asilimia moja. Kutoka digrii 15 kwenda juu, kuacha kusahihisha ni kujidanganya.

Hapa kuna kosa linalowapata hata watu wazoefu. Wanaichukua pembe waliyosoma kwenye kitako cha mti na kuitumia kuisahihisha futikamba. Pembe hizo mbili hazilingani. Futikamba imekwenda sambamba na ardhi. Jicho lako limetoka mita 1.6 juu ya ardhi na kushuka hadi usawa wa udongo. Katika mti wetu mteremko ni digrii 18, lakini pembe ya kitako ni karibu digrii 22. Kama unataka kutumia pembe ya kitako, basi futikamba nayo itoke jichoni kwako hadi kitakoni. Lililo muhimu ni kwamba pembe unayosahihishia iwe ni pembe ya njia ile ile ambayo futikamba imepita.

Tuupime sasa mti wetu mwanzo hadi mwisho. Nimesimama upande wa juu. Futikamba inasoma mita 24 hadi ubavuni mwa shina, na alama ya fimbo inasoma digrii 18 kwenda chini. Kosaini ya 18 ni 0.951, hivyo umbali mlalo ni mita 22.8. Nageuza jicho kwenye kipimo cha asilimia. Kilele kinasoma 58, chanya. Kitako kinasoma 40, hasi. Kutoa hasi 40 kutoka 58 kunatoa 98. Mita 22.8 mara 98 gawanya kwa 100 ni mita 22.3.

Nashuka upande wa chini, mita 24 tena, na mteremko ni ule ule. Umbali mlalo unabaki 22.8. Kilele sasa kinasoma 123, nacho kitako, kilicho juu ya jicho langu, kinasoma 25, chanya. 123 toa 25 ni 98. Urefu ni mita 22.3. Namba zote mbili za klinometa zimebadilika sana, lakini tofauti yake imebaki ile ile. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na ndivyo utakavyojua kwamba umepima vizuri.

Kama ningeziacha mita 24 bila kuzisahihisha, ningepata mita 23.5. Ongezeko la mita 1.2 si la kutisha kwa mti mmoja, lakini ni asilimia 5, na litarudi kwa alama ile ile katika kila mti wa mteremko huo. Makosa ya mkono kutetemeka huenda juu na chini, na katika miti mingi hufutana. Hili halifutani. Kila mita 100 za ujazo utakazoandika, tano hivi hazipo shambani, na mnunuzi atazidai siku ya kupakia magogo.

Niseme kidogo kuhusu mahali pa kusimama, kwa kuwa hapo ndipo nusu ya ubora wa kipimo inapoamuliwa kabla hata ya kuinua chombo. Ukiweza, usiende juu wala chini. Tembea ubavuni, ukifuata kontua, mpaka uwe sawa na kitako cha mti. Mti wetu ukitazamwa kutoka mita 22.8 ubavuni utasoma 91 kileleni na hasi 7 kitakoni. Jumla ni 98 ile ile, na futikamba haikuhitaji kusahihishwa hata kidogo.

Ubavuni pana faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Miti ya mteremkoni mara nyingi huinamia upande wa chini, kwa sababu huko ndiko mwanga uliko na matawi hujaa zaidi. Tuseme kilele cha mti wetu kimeinama mita mbili kuelekea bondeni. Kwa aliye upande wa juu, kilele kimemkimbia. Badala ya 58 atasoma 53, na mti utafupishwa kwa zaidi ya mita moja. Kwa aliye upande wa chini, kilele kimemsogelea, na mti utarefushwa kupita hapo. Aliye ubavuni anauona mwinamo wote kwa pembeni, kilele kikiwa umbali ule ule na kitako kwa karibu kabisa, na kipimo chake hakiguswi sana. Kwa hiyo kuna sababu mbili za kufuata kontua, na naichukulia kuwa kanuni ya kwanza ya kupima mlimani.

Ikiwa ubavuni hapapitiki, au huko vichaka vinaziba kitako, nenda upande wa juu. Wengi huenda chini, kwa kuwa njia ya gari huwa chini, na huo ndio uchaguzi mbaya zaidi. Kosa la digrii moja wakati wa kusoma kilele cha mti wetu kutoka upande wa juu lingeubadilisha urefu kwa nusu mita hivi. Kosa hilo hilo kutoka upande wa chini lingeubadilisha kwa mita nzima. Mkono ni ule ule, chombo ni kile kile, lakini kwa pembe kali kila digrii inabeba kipande kirefu zaidi cha mti. Na kutoka chini kuna hatari nyingine: shingo imeinuka mno, matawi ya karibu yanakificha kilele cha kweli, nawe unasoma ncha ya tawi ukidhani ni kilele.

Umbali mzuri ni ule unaokaribia urefu wa mti wenyewe, au kuuzidi kidogo. Mti unaoukadiria kuwa na mita 20, simama mita 20 hadi 30. Ukiona kilele kinasoma zaidi ya asilimia 100, rudi nyuma kama kuna nafasi. Ukienda mbali sana nako si vizuri, kwa kuwa shamba lenye miti iliyosongamana litakuficha kimoja kati ya kilele na kitako. Katika shamba ambalo halijapunguzwa miti, utalazimika kutafuta mwanya, na hapo mwanya ndio utakaokuchagulia umbali. Ukubali, upime umbali huo kwa uangalifu, na usijaribu kuulazimisha uwe mita 20 kamili.

Nasema hivyo kwa sababu ya aina moja ya klinometa iliyo mikononi mwa mabwana misitu wengi, ile ndogo ya Suunto ya kushika mkononi. Baadhi ya matoleo yake yana vipimo viwili vinavyotoa mita moja kwa moja: kimoja cha kusimama mita 15, kingine cha kusimama mita 20. Ni rahisi mno kwenye tambarare. Mlimani, mita 20 hizo ni mita 20 za mlalo, si za futikamba iliyolala kwenye majani. Kwenye mteremko wa digrii 18 utahitaji kuvuta futikamba mita 21 ili uwe mita 20 mlalo. Ukiwa na toleo hilo bado unasoma kilele na kitako na kutoa. Tofauti ni kwamba namba zenyewe zimekwisha kuwa mita.

Matoleo mengine yana digrii upande mmoja na asilimia upande wa pili, na hapo watu huchanganya. Namba 58 ya asilimia na namba 58 ya digrii ni pembe zilizo mbali sana. Kabla ya kuanza kazi, inua chombo taratibu ukichungulia ndani mpaka upande mmoja usome 45 na wa pili usome 100. Ulio na 45 ndio wa digrii. Mimi hutumia digrii kwa futikamba na asilimia kwa mti, wala sizibadilishi.

Asiye na chombo cha dukani anaweza kutengeneza chake kwa kipimapembe cha shuleni, mrija wa soda uliobandikwa kwenye ukingo ulionyooka, na uzi wenye kokwa au nati nzito. Ukichungulia mlalo, uzi unalala kwenye 90. Ukiinua jicho kwenda kileleni, uzi unahama, na pembe yako ni tofauti kati ya 90 na mahali uzi ulipotua. Mtu wa pili ndiye asome uzi, kwa sababu wewe huwezi kuchungulia na kusoma kwa wakati mmoja. Chombo hiki kinafaa, ila kinatoa digrii tu, na digrii zinahitaji tanjenti kutoka kwenye kikokotoo.

Hapo jihadhari na mtego mmoja. Digrii hazijumlishwi kabla ya kutafuta tanjenti. Katika mti wetu kilele ni digrii 30.1 juu na kitako ni digrii 21.8 chini. Tanjenti zake ni 0.58 na 0.40, zijumlishe, zidisha kwa 22.8, utapata 22.3 yetu. Lakini ukizijumlisha digrii kwanza unapata 51.9, ambayo tanjenti yake ni 1.275, na mti unaruka kufikia mita 29. Kila pembe itafutiwe tanjenti yake peke yake. Na kabla ya yote bonyeza `tan` ya 45 kwenye kikokotoo: kikijibu 1, kipo kwenye digrii. Kikijibu kitu kingine, kinahesabu kwa kipimo kingine cha pembe na kila jibu litakuwa takataka.

Kuhusu kitako chenyewe, nyasi na makangaga ya mlimani mara nyingi hukificha. Usikisie. Piga chaki kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, ukipima kutoka upande wa juu wa mteremko, soma kwenye chaki badala ya kitako, kisha ongeza 1.3 kwenye jibu. Mita 1.3 hiyo ndiyo pale pale unapopimia kipenyo cha kifuani, kwa hiyo alama moja inafanya kazi mbili, na miti yote ya shamba inakuwa imeanzia usawa mmoja wa ardhi. Mmoja akianza kupima kutoka udongo wa juu na mwingine kutoka udongo wa chini, kwenye shina nene watatofautiana kwa sentimita kumi hadi ishirini, na mabishano yataanzia hapo.

Upepo nao una sehemu yake. Msindano wa mita 22 unayumba, na kilele chake hakitulii wakati wa mchana wa upepo wa Njombe. Subiri kirudi katikati, soma mara tatu, uchukue namba ya katikati. Ukiweza kupima asubuhi, pima asubuhi.

Njia hii ina mpaka wake. Inadhani kwamba kilele kiko wima juu ya kitako, na kwa misindano hilo ni karibu na kweli. Kwa milingoti mirefu iliyopinda, na zaidi kwa miti ya asili yenye kichwa kipana, dhana hiyo inavunjika: unachokiona kuwa kilele ni tawi la upande wako, lililo karibu nawe kwa mita kadhaa kuliko shina, na kanuni inalirefusha. Mkukusu wa Kilimanjaro uliotangazwa mwaka 2016 na Andreas Hemp na wenzake, wenye mita 81.5, umesimama kwenye bonde la mlima, na kwa miti ya namna hiyo kifaa cha leza kinachopima umbali hadi kilele chenyewe ni bora zaidi. Umbali huo wa leza ukizidishwa kwa saini ya pembe yake unatoa kimo cha ncha uliyoilenga kutoka usawa wa jicho lako, hata kama haiko juu ya kitako. Kwa mlingoti wa shambani, soma kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya mita moja, mti umeinama au wewe umelenga tawi.

Klinometa nayo hukaguliwa. Tafuta nguzo mbili au miti miwili iliyoachana mita 20 au zaidi, kwenye mteremko wowote, uziwekee alama kwa kimo kimoja. Weka chombo kwenye alama ya kwanza usome ya pili, kisha nenda kwenye ya pili usome ya kwanza. Namba zinapaswa kulingana, moja ya chanya na nyingine ya hasi. Ukipata chanya 12 na hasi 10, chombo kimehama kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani moja, na kila namba unayosoma imezidi kwa moja. Kwa bahati nzuri, ukisoma kilele na kitako kwa asilimia kisha ukatoa, kuhama kidogo kwa chombo kunakaribia kujifuta chenyewe. Anayesoma kilele peke yake hana kinga hiyo. Baadhi ya watu, wakifumbua macho yote mawili wanaposoma, mstari na mti huwahamia kidogo. Jaribu kufumba jicho moja, na kama namba inabadilika, soma kwa jicho moja siku zote.

Kipimo cha mwisho kinapatikana mti unapoangushwa. Vuta futikamba kutoka mahali ulipokatwa hadi ncha, ongeza urefu wa kisiki, ulinganishe na ulichoandika. Fanya hivyo kwa miti michache ya kwanza ya kila mteremko. Mti wa mita 22 ukitofautiana kwa nusu mita, umefanya kazi nzuri. Ikiwa yote inazidi kwa kiasi kinachokaribiana, tazama futikamba yako kabla ya kuilaumu klinometa, maana huenda hukusahihisha mteremko. Ikiwa baadhi inazidi na mingine inapungua kwa mita kadhaa, tazama alama za chanya na hasi daftarini.

Kwa kila mti andika namba nne: urefu wa futikamba, digrii za mteremko, asilimia ya kilele na asilimia ya kitako pamoja na alama zake. Jibu la mita liandikwe mwisho, baada ya hizo. Mnunuzi akikuletea orodha ya urefu wa miti yako bila namba hizo nne, usiitie sahihi. Mwombe apime upya, nawe ukishika ncha ya pili ya futikamba.